Kwa nini Bosi hulia king'ora kikipita? Maswali ya mjukuu, majibu ya Bibi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Salamu zako nimezipata kwenye simu ya mama yako, pamoja na maswali yako yote kuhusu mbwa wetu Bosi. Kila mjukuu akija hapa Mtwara likizo huniuliza yaleyale, tena wakati nina moto jikoni, nikamjibu nusunusu. Safari hii nimekaa nimeandika yote, swali kwa swali, ili ukishasoma uwapelekee na wenzako. Na usije ukasema Bibi katunga. Kabla sijastaafu nilikuwa afisa mifugo, nimezunguka vijijini huku Kusini kuchanja mbwa wa watu, na mbwa nimewasikia wakilia usiku na mchana.

Bosi analia kwa sababu king'ora kinamuumiza masikio?

Hili ndilo mnaloliuliza wote, na watu wazima wengi wanaamini hivyo. Kwa Bosi jibu ni hapana, na huhitaji vipimo kulijua. Mwangalie tu anavyofanya.

Mbwa anayeumizwa na sauti huikimbia. Masikio huyalaza nyuma, mkia huuficha katikati ya miguu, hutetemeka, huhema mdomo wazi hata kama hakuna joto, hujiramba midomo, anaingia uvunguni au nyuma ya pipa la maji na hatoki. Umewahi kumwona Bosi anavyokuwa watu wakipiga fataki mwaka mpya? Huyo ndiye Bosi anayeumia na kuogopa.

King'ora kikipita mambo ni kinyume kabisa. Anatoka chini ya mwembe anasogea getini, yaani anaifuata sauti badala ya kuikimbia. Anakaa kitako. Shingo anainyoosha, pua inaelekea juu, mdomo anaufunga mpaka unabaki tundu la duara kama mtu anayetamka "u". Ukisogea karibu utaona koo linavyocheza chini ya ngozi. Shingo ikinyooka hivyo sauti hutoka bila kubanwa, nzito na ndefu, na huenda mbali. Akimaliza anajikung'uta, anatikisa mkia, anarudi kulala. Mtu mwenye maumivu ya sikio harudi kulala hivyo.

Lakini nisikudanganye kwamba king'ora hakiwezi kumuumiza. Ukisimama jirani kabisa na gari, king'ora hufikia desibeli 110 hadi 120, na sauti ya kiasi hicho inaumiza masikio yako wewe, seuze ya mbwa. Siku gari la wagonjwa liliposimama mlangoni kwa jirani huku linalia, Bosi hakulia hata kidogo. Alikimbilia uani. Akilia ujue sauti iko mbali kiasi cha kumvutia, na akinyamaza na kujificha ndipo ujue imemzidi.

Kama haumwi, basi analia nini?

Anaitikia.

Sisi mtu akisimama nje akapiga hodi, hata kama umeshika mwiko, mdomo wenyewe unatamka "karibu" kabla hujafikiri ni nani. Mlio mrefu kwa mbwa ni hodi ya namna hiyo. Ameusikia, na kuna kitu ndani yake kinachomtaka ajibu.

Asili yake ni hii. Mbwa wote wa duniani, Bosi na mbwa wote wa Masasi na Newala wakiwemo, wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa zamani sana, wale wa Ulaya na Asia. Siyo wale wenye mabaka na masikio ya duara wanaoonekana porini huko Liwale. Hao ni ukoo mwingine, na hawalii kwa mtindo huu. Binadamu alianza kuishi na mbwa zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Katika miaka yote hiyo tumembadilisha rangi, urefu, masikio na tabia, lakini huu mlio mrefu haukufutika.

Mbwa mwitu wa kijivu huishi kwa familia, na huwinda katika eneo kubwa ambamo hawaonani. Mlio ndio unaowakutanisha. Aliyepotea hulia, wenzake humjibu, anajua pa kuelekea. Pia familia ikilia kwa pamoja majirani wanajua hapo pana wenyewe, wasivuke. Sauti hiyo husikika kilomita kumi msituni, na kwenye uwanda wazi huenda mbali zaidi. Na inaambukiza: mmoja akianza, aliye karibu anashindwa kunyamaza, kama alikuwa na shida ya kusema kitu au hakuwa nayo.

Bosi hana familia ya kuitafuta, wala hawindi. Kazi yake ni kubwekea nyani shambani kwenye korosho na kulinda kuku hapa nyumbani. Ila sikio lake halijui hivyo. Likipokea sauti ndefu yenye umbo la ule mlio, linaitikia.

Mbona anaanza kabla sisi hatujasikia kitu?

Kwa sababu kwake gari limeshafika, kwetu bado.

Masikio ya binadamu hupokea sauti kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ikiwa michache sauti ni nzito kama ngoma kubwa, ikiwa mingi sauti ni nyembamba kama filimbi. Mbwa hupanda hadi kama hezi 45,000. Watu hutaja tofauti hiyo wakadhani ndiyo maelezo yote, lakini king'ora hakiko huko juu. Kingekuwa huko wewe na mimi tusingekisikia hata kikipita mlangoni. Jambo la maana zaidi ni kwamba sauti hafifu, hasa zile nyembamba kidogo, mbwa anazipata zikiwa bado dhaifu mno kwetu. Tena sikio lake linageuka. Bosi analala, jicho limefumba, sikio moja linazunguka lenyewe kuelekea barabarani. Kila sikio analiendesha kivyake, wewe huwezi.

Nikueleze jioni moja, ulikuwa hujazaliwa lakini mbwa ni huyuhuyu alipokuwa kijana. Ilikuwa baada ya Magharibi, nimekaa kibarazani napepeta mchele. Bosi kalala. Kwanza lile sikio la kushoto likasimama. Kisha akanyanyua kichwa bila kunyanyuka mwili. Nikatega sikio langu, sikusikia kitu ila nyenje na redio ya duka. Akakaa kitako, akatoa sauti ndogo ya puani, ile ya kujaribu, halafu akanyamaza tena akisikiliza. Ndipo nikaisikia na mimi, mbali upande wa uwanja wa ndege, inapanda na kushuka. Ilipopanda mara ya pili Bosi akanyanyua pua na kuuvuta mlio wake wa kwanza. Akawa anaanza kila king'ora kinapopanda, anashusha kinaposhuka, mpaka gari likatupita kwenda Hospitali ya Ligula. Lilipozima king'ora kwenye kona, Bosi alikatika katikati ya mlio, akabaki mdomo wazi, amegeuza kichwa upande kama anayesubiri neno jingine. Alibweka mara moja tu, kavu, kisha akajilaza.

Ukitazama vizuri mfululizo huo, majibu ya maswali yako karibu yote yamo. Alisikiliza kwanza, akajaribu, akafuata mwendo wa sauti, na mwenzake aliponyamaza naye akanyamaza.

Kwa nini king'ora tu? Malori ya saruji yanapiga honi kutwa na hajali.

Umeuliza vizuri, mume wangu. Tofauti iko kwenye umbo la sauti.

Mlio wa mbwa mwitu mmoja huweza kudumu hadi sekunde kumi hivi. Hauna kukatikakatika kama kubweka. Unateleza, unapanda, unakaa, unashuka. Uzito wake uko sanasana kati ya hezi 150 na hezi 800, na mara nyingine unafika 1,000. King'ora cha gari la wagonjwa kile cha taratibu huanza kwenye hezi mia kadhaa, kikapanda kupita 1,000, kikashuka tena, bila kukatika. Kwa hiyo sehemu ya safari yake kinapita njia ileile ya mlio wa mbwa, kwa mwendo unaofanana nao. Aliyekitengeneza hakuwa na habari na mbwa, alitaka sauti ambayo sikio la dereva haliwezi kuizoea. Bila kukusudia akakaribia mlio wa mbwa.

Honi ya lori ni fupi, imenyooka, haitelezi. Inapigwa, inakatwa. Kwa mbwa hiyo haina umbo la kuitwa. Honi ya bodaboda ndiyo kabisa, kelele tu.

Meli zinakaribia kidogo. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, meli zikija bandarini utasikia honi ndefu. Kwa sheria za bahari mlio mrefu wa meli ni sekunde nne hadi sita, na huo ni urefu unaomtosha mbwa kabisa. Lakini meli kubwa zaidi, zenye urefu wa kuanzia mita 200, honi zake ni nzito, hezi 70 hadi 200, na ziko palepale, hazipandi wala kushuka. Bosi husimamisha masikio, akatazama upande wa bahari, akaachia hapo. Meli ndogo honi zake ni nyembamba zaidi, na kwa hizo nimewahi kumsikia akitoa ile sauti ya puani ya kujaribu.

Hata ving'ora vyenyewe havilingani. Dereva akibadilisha kikawa kile cha harakaharaka, kinachorukaruka, Bosi mara nyingi hubweka badala ya kulia. Akirudisha cha taratibu, naye anarudi kwenye mlio. Sikiliza siku utakapokuja, utaona sikutungi.

Na adhana? Alfajiri nilimsikia analia muadhini alipoanza.

Ni kweli, na najua uliogopa kwamba Bosi anafanya dhihaka. Mbwa hana dhihaka. Muadhini anavuta sauti, tena kwa kipaza sauti, na anaiteremsha na kuipandisha kwa utaratibu; ile "Allaaahu" ndefu ina urefu na mteremko unaomfikia mbwa vilevile. Utakuta halii kila wakati. Adhuhuri mji una kelele, pikipiki zinapita, sauti inachanganyika na nyingine. Alfajiri pamenyamaza, sauti inakuja peke yake safi, ndipo anaitikia. Kule Masasi karibu na misheni nilikuta mbwa wa padri akilia kinanda kikipigwa. Jambo ni lilelile, wala usilikuze.

Babu yako husoma audhu billahi akimsikia mbwa analia usiku, nami husoma. Kusoma ni ibada, hakutuzuii kujua sauti imetoka wapi.

Usiku ule nilihesabu mbwa kumi, wewe ukasema ni watatu. Nani alikosea?

Masikio yako hayakukosea, yalidanganywa, na hicho ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Walikuwa watatu kweli: Bosi, yule jike wa nyumba ya kona, na mbwa wa lindo wa ghala. Nilitoka na tochi. Sasa sikiliza kinachotokea. Watafiti waliorekodi mbwa mwitu wa kijivu wameona kwamba wakilia kwa pamoja hawapendi kukaa kwenye sauti moja. Mmoja akiwa juu, wa pili anashuka au anapanda ili aachane naye. Wakigongana kwenye sauti ileile, mmoja anateleza kuondoka. Kila mmoja tena haishi kubadili sauti yake mwenyewe katikati ya mlio. Sauti hizo zikipita kwenye miti na kugonga kuta zinarudi zimechelewa kidogo, zinaongezeka kwenye zile za kwanza. Sikio la msikilizaji, ambalo hudhani kila sauti mpya ina mwenyewe, linahesabu mbwa wengi kuliko waliopo.

Kwa familia ndogo ya mbwa mwitu hilo lina faida. Majirani wakisikia kundi kubwa hawaji kugombea eneo. Kwa Bosi na wenzake wawili faida ni kwamba wezi wa kuku wa mtaa wetu wanadhani tuna kikosi.

Na ndiyo sababu Bosi halii sawasawa na king'ora. Mjomba wako husema Bosi anakiigiza. Ungekuwa na sikio la taarabu ungesikia kwamba anakaa pembeni yake, chini kidogo au juu kidogo, na sauti zao zikitaka kukutana anakwepa. Angekuwa anaigiza angeifuata palepale. Anamfanyia king'ora kile ambacho angemfanyia mbwa mwenzake.

Ni kweli mbwa akilia kuna mtu atakufa?

Swali hili shangazi yako ndiye aliyekuingiza, namjua.

Hebu tulifuate pole pole. Nyumba yetu iko pembeni ya barabara inayopeleka wagonjwa hospitali kubwa ya mkoa. Gari likipita na king'ora usiku, ndani yake yumo mtu aliyezidiwa: mama aliyekwama kujifungua ametolewa kijijini, au aliyepata ajali ya pikipiki. Kati ya watu hao wapo watakaopona na wapo ambao siku zao zimefika. Bosi analisikia gari kabla ya watu, analia. Dakika chache baadaye watu nao wanalisikia, au hawalisikii kabisa kwa sababu wamelala. Asubuhi inaletwa habari ya msiba. Kila mtu anakumbuka kitu kimoja: mbwa alilia kwanza, msiba ukafuata. Gari lililokuwa katikati yao limesahaulika.

Halafu kuna zile siku nyingine. Bosi hulia gari la zimamoto linapokwenda kuzima moto wa majani. Hulia msafara wa kiongozi ukitoka uwanja wa ndege, na wiki nzima hakuna anayefiwa. Siku hizo hakuna anayeamka akasema "jana mbwa alilia na hakuna aliyekufa". Hazihesabiwi. Ukihesabu upande mmoja tu wa daftari utapata jibu unalolitaka kila siku.

Shangazi yako nimemweleza haya. Amesema sawa, lakini Bosi akilia bado anageuza kiatu chake kichwa chini. Mwache na kiatu chake.

Mbona yule mbwa mkubwa wa kizungu kwa jirani hubweka tu?

Mbwa hawafanani. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd kule Budapest, Hungaria, uliochapishwa mwaka 2023. Walichukua mbwa 68 wa koo safi mbalimbali, wakawasikilizisha milio ya mbwa mwitu iliyorekodiwa, wakatazama nani anaitikia kwa mlio na nani anabweka. Kwa mbwa waliopita miaka mitano, wale wa koo za zamani, zilizo karibu zaidi kwa damu na mbwa mwitu, waliitikia kwa mlio mrefu zaidi kuliko wa koo zilizotengenezwa na binadamu hivi karibuni. Hawa wa karibuni walielekea kubweka. Watafiti walifikiri kwamba koo hizo mpya zimeishi na kuchaguliwa kwa ajili ya kusikilizana na watu, kazi ambayo kubweka kunaifanya vizuri, na ule mlio ukapungua kazi yake.

Utafiti huohuo uliona jambo ambalo nalitaja kwa sababu linanibana mimi mwenyewe: walioitikia sana walionyesha pia dalili za wasiwasi. Kwa hiyo nikisema Bosi haumwi, sisemi anaimba kwa raha. Mbwa aliyeitwa na asiyemjua ana haki ya kuwa na wasiwasi kidogo.

Bosi ni mbwa wa kienyeji, hana cheti cha ukoo, na hakuna mtu aliyewahi kumpangia azae na nani. Anaelekea kulia. Lakini usiseme mbwa wote wa kienyeji hulia, maana mama yake Bosi hakuwahi.

Tumzuie? Baba anataka kulala akitoka zamu ya usiku.

Kwanza mwambie baba yako asimpigie kelele dirishani. Bosi analia, mtu naye anapaza sauti ndefu "weweee nyamazaaa", hapo mbwa amepata mwitikiaji wa pili. Na asipigwe. Mbwa akipigwa kila king'ora kinapolia atajifunza kwamba king'ora huleta fimbo, na kutoka hapo ndipo hofu ya kweli itaanza, ile ya kujificha nyuma ya pipa.

Kwangu mimi mlio wa dakika moja si wa kuhangaika nao. Ila kama ni lazima, iko njia, na inataka wiki kadhaa. Tafuta sauti ya king'ora kwenye simu. Ifungulie chini kabisa, pale ambapo masikio yake yanasimama lakini pua bado haijanyanyuka. Papo hapo mpe kipande cha ukoko au kichwa cha dagaa. Sauti ikizimwa, chakula kinakwisha. Fanya dakika tano, acha, rudia kesho. Ukiona sauti ikianza anakutazama wewe mkononi badala ya kutazama barabara, pandisha kidogo. Akilia, umepandisha haraka. Rudi ulipokuwa jana bila kumgombeza.

Mipaka ya njia hii ni kwamba simu ni simu. Spika yake ndogo haitoi ile sauti nzito ya gari, na wapo mbwa wasioijali kabisa simu ilhali gari wanalilia. Kwa hiyo lazima umalizie na lenyewe: likisikika kwa mbali, mwite uani umpe chake kabla hajanyanyua pua. Ukichelewa ameshaanza, subiri amalize. Bosi akishaanza hata nyama ya ng'ombe haioni.

Kuna mlio wa kunitia wasiwasi?

Upo, na huu usome mara mbili.

Mlio wa kuitikia una mwanzo na mwisho unaoujua: sauti ya nje imeanza, imekwisha, naye amekwisha. Mbwa mzee anayelia usiku bila sauti yoyote nje, anazunguka ua kama amepotea, huenda akili imeanza kuchoka au ana maumivu. Huyo aonwe na mtaalamu wa mifugo. Na mbwa mzee aliyekuwa akilia king'ora akaacha ghafla, jaribu kupiga makofi nyuma yake. Asipogeuka, masikio yameanza kufa. Hilo si ugonjwa wa kukimbilia hospitali, ila usimwachie barabarani, hatasikia gari.

Wa kuogopa ni mbwa aliyebadilika sauti. Kichaa cha mbwa hupooza koo, na mlio hutoka umekwaruza, umekatika, hata mbweko wake si ule unaoujua. Hawezi kumeza, mate yanamchuruzika, taya inalegea, au anang'ata vijiti, mawe, kamba, chochote. Mbwa mpole anakuwa mkali, na mkali anakuwa mpole kupita kawaida. Ukiona hivyo usimguse, usimchungulie mdomoni ukidhani amekwama mfupa. Nimekutana na watu wengi waliotia mkono mdomoni mwa mbwa wa namna hiyo kwa huruma.

Mbwa yeyote akikung'ata au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachomwe chanjo. Usisubiri uone mbwa amekufa au hakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu, dawa hakuna. Bosi alichanjwa akiwa na miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kadi yake iko kwenye droo ya kabati, pamoja na risiti za umeme.

Nikija Desemba nikalia naye atanijibu?

Atakujibu, mradi usipige kelele za kitoto. Kaa kitako umbali wa hatua chache, usimkodolee macho. Vuta "uuu" moja ndefu, ianze chini, ipande taratibu, ikae, ishuke, kwa pumzi moja. Nyamaza usikilize. Akikutazama amegeuza kichwa, rudia. Akianza, shikilia sauti yako palepale uone anavyoteleza kukukwepa. Kisha wewe mfuate alipo, utamsikia anahama tena. Wifi yangu mdogo hucheza mchezo huo naye mpaka wote wanakaukiwa.

Ila si wakati wa adhana, na si baada ya Isha. Nyumba ya pili wana mtoto mchanga na mama yake hajalala vizuri tangu ajifungue. Na ukija uje na mkanda wa shingo wa mbwa, wa nailoni, siyo wa ngozi. Wa ngozi ameula.

Bibi yako,
Mtwara